Kuipa Kila Siku Mbaya Tarehe Yake

Mtu aliyevamiwa mara moja hukumbuka uvamizi. Aliyevamiwa mara tano hukumbuka hofu tu, na ukimuuliza ni hofu ya siku gani, hana jibu. Isiolo ina watu wengi wa namna hii ya pili. Wazee wa Garba Tulla na Merti walikuwa watoto wakati wa Vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali ilipowafungia wafugaji kambini na ngamia wao wakamiminiwa risasi. Ukaja ukame wa 1984. Wizi wa mifugo wa kutumia bunduki haujakoma hadi leo, na katika mapigano ya 2011 na 2012 nyumba zilichomwa na familia zikahama.

Tiba ya kusimulia maisha ninayoieleza hapa iliundwa kwa ajili ya watu kama hao. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliijenga juu ya kazi ya wanasaikolojia wa Chile ambao, chini ya utawala wa Pinochet, waliandika ushuhuda wa walioteswa na kuona kwamba kuusimulia kuliwapa nafuu. Majaribio yake ya mwanzo yalifanyika karibu nasi, nchini Uganda. Katika kambi ya Imvepi, wakimbizi 43 wa Sudan waligawanywa katika makundi matatu. Mwaka mmoja baadaye, kati ya waliosimulia maisha yao katika vikao 4, waliobaki na ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 29. Katika makundi mawili mengine, lililopata ushauri wa kawaida na lililopata maelezo tu, walikuwa karibu asilimia 80.

Sababu ya nafuu hiyo iko katika jinsi kumbukumbu inavyohifadhiwa. Tukio la hatari huacha alama za aina mbili. Moja ni ya moto: mlio, harufu, mapigo ya moyo, wazo la "nakufa". Nyingine ni ya baridi: ilikuwa wapi, lini, nini kilitangulia, nini kilifuata. Hofu kali huikoleza ya kwanza na kuidhoofisha ya pili. Matukio yakirudiwa, alama za moto huungana bila kujali zimetoka tukio gani, mpaka mbwa akibweka usiku mwili mzima unaitikia kana kwamba washambuliaji wako mlangoni. Kazi ya tiba ni kuirudisha kila alama ya moto mahali pake na wakati wake.

Nitaonyesha kwa mama mmoja wa kubuni, nimwite Halima, mwenye miaka 52, anayeishi viungani mwa mji wa Isiolo. Kaka yake, Guyo, aliuawa katika uvamizi wa malishoni Halima akiwa na miaka 19. Alipokuwa na miaka 31, mifugo yote ikachukuliwa. Mwaka 2012 nyumba yake ilichomwa. Akilala humwona kaka yake ndani ya moshi, ingawa siku aliyouawa kaka hapakuwa na moto wowote.

Kikao cha kwanza ni cha kupima dalili na kumweleza kwa nini mwili wake unafanya hivyo. Cha pili ni cha kamba. Mshauri huitandaza sakafuni, ncha moja ikiwa siku ya kuzaliwa, nyingine ikibaki imekunjwa kwa miaka ijayo. Halima huweka maua kwa mambo mema na mawe kwa mabaya, jiwe kubwa kwa baya zaidi, huku akilitaja kila moja kwa sentensi moja au mbili tu. Hapa mshauri asichimbe. Anayetafuta undani siku ya kamba atafungua majeraha matatu kwa saa moja na hatafunga hata moja. Tarehe hupatikana kwa vitu ambavyo Halima hana shaka navyo: ukame gani, mtoto yupi alikuwa anatambaa, walikuwa wamehamia upande upi wa Ewaso Ng'iro.

Kuanzia kikao cha tatu husimulia maisha kwa mpangilio, tangu utotoni, dakika 90 hivi kila kikao. Miaka isiyo na jiwe hupita haraka. Wakifika kwenye jiwe, mwendo hupungua. Mshauri huanza kabla ya tukio: asubuhi ile mlikunywa nini, kaka alivaa nini? Kisha husonga hatua kwa hatua, akiuliza uliona nini, ukawaza nini, ukahisi nini, mwili ukafanya nini. Na kila mara huuliza pia ya sasa: "Naona mikono yako inatetemeka, Mama. Siku ile ilitetemeka hivi?" Swali hilo humweka Halima katika nyakati mbili kwa pamoja, malishoni akiwa na miaka 19 na hapa kitini, penye usalama.

Hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Kikao hakifungwi kabla haijashuka, na masimulizi hayaishii kwenye risasi. Huendelea hadi maziko, hadi usiku wa kwanza alipolala salama. Kosa la kawaida ni la mshauri mwenyewe kuogopa machozi na kuharakisha. Dalili yake ni rahisi kuiona: masimulizi yanaruka, "walikuja, halafu nikajikuta kwa shangazi". Hatari nyingine ni mtu kuzima badala ya kulia: sauti inafifia, macho yanaganda, mwili unalegea. Hapo mshauri husimamisha swali, humwambia akaze misuli ya miguu na mikono, humpa kitu baridi ashike, kisha huendelea.

Baada ya kikao mshauri huandika. Rasimu mbaya husomeka kama ripoti ya polisi: "Mwaka 1991 familia ilivamiwa, kaka akauawa." Rasimu nzuri ni hii: "Ulikuwa wakati wa kiangazi. Guyo alikuwa anafunga ukanda wa kandambili yake. Nilisikia mlio, nikadhani ni tawi limekatika. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, na mimi nikawaza, mbona anakaa sasa. Miguu ilikataa kwenda."

Kikao kinachofuata huanza kwa kuisoma kwa sauti. Halima hajui kusoma, na alisimulia Kiborana, kwa hiyo mkalimani humrudishia kwa Kiborana naye husahihisha: haukuwa ukanda, ilikuwa kisigino. Masahihisho haya ni sehemu ya tiba, kwa sababu kila mara anapitia tukio lile tena, na hofu ikipungua mambo yaliyofichika hujitokeza. Katika usomaji wa namna hii ndipo Halima atasema moshi ni wa 2012, si wa siku ya Guyo.

Katika kikao cha mwisho hadithi nzima husomwa, nao wote watatu, Halima, mshauri na mkalimani, huitia sahihi au alama ya kidole. Karatasi ni mali ya Halima. Akitaka itumike kama ushahidi wa haki za binadamu, yeye ndiye anayeamua. Asipokuwa na mahali pa kuificha ili isisomwe na jirani, ni bora aiache kwa mshauri.

Je, Isiolo ingepata wapi washauri? Huko Nakivale, Uganda, wakimbizi wa kawaida, wasio na digrii ya saikolojia, walifunzwa kwa wiki 6 wakawatibu wenzao wa Rwanda na Somalia kwa vikao 6. Asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Lakini ushauri wa kiwewe wa namna nyingine, uliotolewa na watu hao hao, ulifikia asilimia 65, kwa hiyo mtu asidai kwamba tiba hii pekee ndiyo inayofaa. Kundi lililofuatiliwa tu bila tiba lilifikia asilimia 37.

Tiba hii hairudishi ng'ombe wala haizuii uvamizi wa kesho. Mfugaji anaweza kuhama na mifugo jiwe likiwa limesimuliwa nusu, jambo baya kuliko kutoanza, hivyo vikao hupangwa kwa karibu, kimoja au viwili kwa wiki, mvua ikiwa imewatuliza watu. Usingizi unaweza kuharibika zaidi katika wiki za mwanzo, na Halima aambiwe hivyo mapema. Matokeo hupimwa baada ya miezi 6 na tena baada ya mwaka, kwa sababu wengi huendelea kupata nafuu baada ya kikao cha mwisho. Siku ya kupimwa maswali ni yale yale ya kikao cha kwanza: wiki hii ndoto mbaya zimekujia mara ngapi, na mbwa wakibweka usiku, moyo huchukua muda gani kutulia?