Herufi Nyekundu za Kanga

Muuza kanga anayepiga picha kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12 hupata picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake hufika MB 4 bila shida. Kwa mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, mteja atasubiri nusu dakika nzima picha moja ishuke, huku bando likiliwa. Na kioo cha simu yake huenda kina pikseli 1080 tu kwa upana, kwa hiyo sehemu kubwa ya alichokilipia hataiona.

Ndiyo maana vipimo hupunguzwa kwanza, ubora baadaye. Ukiishusha picha hadi 1080 kwa 810, zinabaki pikseli zisizofika laki tisa kutoka milioni 12. Wengi hufanya kinyume: huacha vipimo vilevile, wakashusha ubora wa JPEG hadi 30. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuubana kila mraba peke yake, hivyo ukiibana mno, miraba yenyewe huanza kuonekana, hasa kwenye mji wa kanga wenye rangi moja iliyotulia.

Lakini kanga ina mtego mwingine, nao uko kwenye jina. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, kwa kawaida hutoa faili dogo kuliko JPEG kwa mwonekano unaokaribiana. Inapobana kwa kupoteza data, hutunza mwangaza wa kila pikseli, ila rangi huitunza mara moja tu kwa kila pikseli nne. Herufi nyeusi juu ya nyeupe hazidhuriki, kwa sababu zinatofautiana kwa mwangaza. Nyekundu juu ya nyeusi hutofautiana zaidi kwa rangi, basi kingo zake huvuja na maandishi huwa kama yamelowa. Kuongeza ubora hadi 95 hakutibu. Kunanenepesha faili tu.

Programu ya cwebp ina njia ya kuipunguza kasoro hiyo:

```
cwebp -q 75 -resize 1080 0 -sharp_yuv kanga.jpg -o kanga.webp
```

Hiyo 75 si asilimia, wala hailingani na 75 ya JPEG; usizilinganishe namba, linganisha picha. Zifungue zote mbili kwa ukubwa kamili, utazame ukingo wa herufi moja nyekundu. Ikiwa bado imevuja, tumia JPEG ya 4:4:4, inayotunza rangi ya kila pikseli, ukubali faili kuwa zito kidogo.

Na anza na picha halisi ya kamera. Iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imeshabanwa tena, na rangi iliyopotea huko hairudi kwa mpangilio wowote.