Ulizo Moja, Kasi Mbili

Ijumaa jioni ripoti ilikuwa ikifunguka kufumba na kufumbua. Jumatatu asubuhi ripoti hiyohiyo inachukua dakika nzima, na watu wa kitengo cha kompyuta hawapumui kwa simu. Hakuna aliyegusa programu wala data haikuongezeka ghafla. Kilichotokea ni kimoja tu, na wengi hawakitilii maanani: usiku wa Jumapili seva ilizimwa ikawashwa tena.

Wanaotunza hifadhidata za SQL Server, programu ya kampuni ya Microsoft, wanaujua vizuri mkasa huu. Wanauita kunusa vigezo.

Kigezo ni ile thamani inayobadilika ndani ya ulizo: namba ya mteja, jina la mkoa, tarehe. Ulizo lenyewe huandikwa mara moja na kuhifadhiwa ndani ya seva, kisha kila anayelihitaji hulitia kigezo chake. Linapoitwa kwa mara ya kwanza, seva haikurupuki kutafuta. Hupanga njia kwanza: ianzie wapi, itumie faharasa ipi, itenge kumbukumbu kiasi gani. Ili ipange, hukinusa kigezo kilicholetwa, hutazama takwimu zake, kisha hukadiria ni mistari mingapi itapatikana. Kazi hiyo ya kupanga hula nguvu za prosesa, kwa hiyo mpango ukikamilika huwekwa akiba na wote wanaofuata huutumia huohuo. Ni kama fundi cherehani anayempima mteja wa kwanza wa siku, kisha akashona kanzu zote kwa vipimo vile.

Mfano mzuri umo katika data ya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu iliyoanza mwaka 2008. Data yake hutolewa hadharani, na Mmarekani Brent Ozar, mwalimu maarufu wa fani hii, huitumia sana kufundishia. Nakala inayoishia mwaka 2013 ina watumiaji karibu milioni 2.5. Kila anayejiandikisha huanza na alama 1 ya sifa, na wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo, hivyo wenye alama 1 wamepita milioni moja. Wenye alama 2 ni wachache mno, kwa sababu mtu akipigiwa kura nzuri huruka alama kadhaa kwa mpigo. Sasa chukua ulizo hili:

```sql
CREATE PROCEDURE dbo.WatumiajiKwaAlama @Alama int
AS
SELECT * FROM dbo.Users
WHERE Reputation = @Alama
ORDER BY DisplayName;
```

Tuseme jedwali lina faharasa ya safuwima ya `Reputation`, na wa kwanza kuuliza ametaka wenye alama 2. Seva inaona kazi ni ndogo. Inachagua kupitia faharasa, kuwapata wahusika, halafu kumfuata kila mmoja ndani ya jedwali kuchukua taarifa zake zilizobaki. Inatenga pia kumbukumbu kidogo ya kupanga majina kialfabeti. Jibu linarudi papo hapo, na mpango unawekwa akiba.

Anakuja wa pili, anataka wenye alama 1. Seva hainusi tena. Inachukua mpango uliopo na kuanza kuwafuata watu zaidi ya milioni moja, mmoja baada ya mwingine. Kumfuata mtu mmoja hugharimu kusoma kurasa kama 3 za data, na ukurasa mmoja wa SQL Server ni kilobaiti 8. Kwa jumla ni kurasa zaidi ya milioni 3, yaani gigabaiti zipatazo 24 za kusoma. Jedwali zima halizidi sana kurasa 45,000, kama megabaiti 360! Kulisoma lote toka mwanzo hadi mwisho kungekuwa nafuu mara nyingi. Tena ile kumbukumbu ndogo iliyotengwa haitoshi kupanga majina milioni, basi kazi inamwagikia kwenye diski, na hapo ndipo mtumiaji anapoanza kuguna.

Mambo yakienda kinyume, wa alama 1 akatangulia, hakuna kilio kikubwa. Seva inapanga kulisoma jedwali lote, na yule wa alama 2 naye anasomewa lote. Anachelewa kidogo tu. Hasara yake imejificha: kila anayeuliza anatengewa kumbukumbu kubwa asiyoihitaji, na waulizaji wakiwa wengi kwa pamoja wanaanza kupangiana foleni.

Ndiyo maana kuwasha upya seva hubadili kila kitu. Akiba ya mipango hufutika, na wa kwanza kuuliza Jumatatu ndiye anayewaamulia wenzake wote. Si lazima seva izimwe. Takwimu za jedwali zikisasishwa au kumbukumbu ikibana, mpango huweza kutupwa vilevile mchana kweupe.

Kinachowachanganya wataalamu ni kwamba ulizo hugoma kuonyesha ugonjwa wake mbele yao. Programu inalalamika, mtaalamu anafungua chombo chake cha SSMS, analiendesha ulizo lilelile kwa kigezo kilekile, na linakimbia. Msweden Erland Sommarskog aliandika makala ndefu kuhusu kitendawili hiki. Siri iko kwenye mpangilio mdogo uitwao `ARITHABORT`: SSMS huuwasha, programu nyingi huuacha umezimwa. Kwa seva, tofauti hiyo inatosha kutunza mipango miwili mbalimbali ya ulizo moja. Mtaalamu amepata mpango mpya, ulionuswa kwa kigezo chake mwenyewe, na hapo huanza kuusingizia mtandao.

Ushahidi uko ndani ya mpango wenyewe. Ukiufungua ukiwa na hesabu halisi, utaona pande mbili: mistari iliyokadiriwa na mistari iliyopatikana. Makadirio madogo mno dhidi ya milioni moja hayahitaji wakili. Tena mpango huonyesha kigezo kilichonuswa, `Parameter Compiled Value`, kando ya kile kilichotumika, `Parameter Runtime Value`.

Tiba zipo, na kila moja ina gharama yake. Ukiongeza `OPTION (RECOMPILE)` mwishoni mwa ulizo, seva itapanga upya kila mara. Kwa ripoti inayoitwa mara chache kwa saa, hiyo ndiyo tiba ya kwanza kujaribiwa, maana ni rahisi na haina hila. Kwa ulizo linaloitwa mamia ya mara kwa sekunde, prosesa italemewa. Njia nyingine ni `OPTIMIZE FOR`, inayoiambia seva ipange kwa kigezo fulani daima. Hufaa pale mwenye data anapojua kigezo kipi hakimuumizi mtu, na huharibika data ikibadilika sura. SQL Server ya mwaka 2022 imekwenda mbali zaidi: inaweza kutunza hadi mipango 3 kwa kigezo kimoja, kwa wachache, wa wastani na wengi. Hata hivyo hifadhidata lazima iwe kwenye kiwango cha 160, na si kila ulizo hunufaika.

Kuzima seva ili mambo yatulie si tiba, ni kupiga ramli upya, na huo ushahidi wote hupotea pamoja na akiba. Mwenye hifadhidata ya toleo la 2016 au jipya zaidi na awashe Query Store leo, kabla ya tatizo: huandika mipango ndani ya hifadhidata yenyewe, hubaki hata seva ikizimwa, na humwezesha kuilazimisha seva irudie mpango wa Ijumaa.