Barua ya Kuomba Kuhama Idara, na Mkuu Anayeisoma Kwanza

Barua ya kuomba kuhamishiwa idara nyingine ndani ya kampuni ileile inatofautiana na barua ya kuacha kazi kwa jambo moja kubwa: anayeiandika anabaki. Kesho yake atapishana na mkuu huyohuyo ngazini, na kwa miaka inayofuata ataendelea kuhitaji saini yake. Tena ombi lenyewe, mahali pengi, halifiki kwa meneja rasilimaliwatu kabla mkuu wa idara hajaandika maoni yake. Mistari hiyo miwili mitatu ya maoni ndiyo yenye uzito kuliko barua yote. Kwa hiyo kazi ya barua ni kumpa mkuu sababu za kuandika "naunga mkono" bila yeye kuonekana amekimbiwa na mtu wake, na bila kubaki na kazi isiyo na mwenyewe.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi haki ya kujichagulia idara. Kupanga watu ni mamlaka ya mwajiri. Barua inayodai, yenye maneno kama "nastahili" au "ni haki yangu", inaanza kwa kukosea mahali inaposimama. Ni ombi, na mkuu anaweza kulikataa bila kuvunja sheria yoyote.

Mfano unaofaa kuufuata ni wa mhasibu wa dawati la malipo katika kampuni ya jijini Dar es Salaam inayosambaza vifaa vya ujenzi. Kwa miaka minne amekuwa akipokea ankara za wasambazaji, akizilinganisha na oda za manunuzi na hati za kupokelea mzigo, kisha akiandaa hati za malipo. Idara ya Manunuzi imetangaza nafasi ya afisa kwa wafanyakazi wa ndani, naye anaitaka.

Kosa la kwanza analoweza kufanya ni kuandika mapema mno. Barua inayotua mezani bila kutanguliwa na mazungumzo humwambia mkuu kwamba mambo yameshapangwa kwingine na yeye anaarifiwa tu. Baya zaidi ni kuanza kwa mkuu wa Manunuzi, kukubaliana naye, ndipo kurudi kwa mkuu wa Fedha. Habari za namna hiyo hazikai. Zitakuwa zimefika chumba cha chai kabla ya barua. Kuuliza ofisi ya rasilimaliwatu kama nafasi iko wazi na sifa zake ni zipi hakuna ubaya, kwa kuwa nafasi imetangazwa. Kujadili tarehe za kuhamia na mkuu mpya ni jambo jingine, nalo lisubiri. Mazungumzo na mkuu wa sasa yanahitaji robo saa ya faragha, wala si maneno ya ukumbini, na barua inayafuata ndani ya siku mbili tatu, kabla maelewano hayajasahaulika.

Wakati nao una hesabu yake, hasa katika idara ya fedha. Kodi zinazokatwa kwenye mishahara hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani huwasilishwa ifikapo tarehe 20. Mwisho wa mwezi hesabu zinafungwa. Ombi likiletwa tarehe 5, mkuu atalisoma akiwa na kodi kichwani, na jibu lake litakuwa la mtu aliyebanwa. Siku chache baada ya tarehe 20 ndizo zenye nafasi. Kampuni inayofunga mwaka wake wa hesabu Desemba huwa na wakaguzi katika miezi ya mwanzo wa mwaka, na mhasibu anayeomba kuondoka wakaguzi wakiwa mlangoni hata akiandika vizuri namna gani ataonekana anatoroka. Anaweza kuomba wakati huo, ilimradi tarehe ya kuondoka iwe mbele ya ukaguzi. Barua yake, iliyoandikwa mwishoni mwa Februari, inaweza kusomeka hivi:

Kwa Mkuu wa Idara ya Fedha

YAH: OMBI LA KUHAMIA IDARA YA MANUNUZI

Nashukuru kwa nafasi mliyonipa ya kuzungumza Jumanne. Kama nilivyoeleza siku hiyo, naomba kuhamishiwa Idara ya Manunuzi, kwenye nafasi ya afisa manunuzi iliyotangazwa kwa wafanyakazi wa ndani.

Kwa miaka minne nimelinganisha ankara na oda, na nimeona kwamba makosa mengi yanayotuchelewesha kulipa huanzia kwenye oda zenyewe: bei isiyofuata makubaliano, au kiasi kilichoandikwa visivyo. Ningependa kufanya kazi kwenye hatua hiyo ya mwanzo. Kwa ajili hiyo nimejiandikisha kufanya mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi.

Najua ukaguzi wa hesabu unaendelea na dawati la malipo haliwezi kubaki wazi. Napendekeza nihame baada ya hesabu za Aprili kufungwa, na Aprili yote nifanye kazi pamoja na mtakayemteua. Nimeanza kuandaa orodha ya wasambazaji tunaowadai na wanaotudai, ankara zenye utata, na tarehe za malipo zisizoweza kusogezwa. Siku nitakayohama, naomba ruhusa yangu ya kuingia kwenye mfumo wa malipo ifungwe. Tarehe hizi zinaweza kubadilika mkiona inafaa.

Mkiridhia, naomba ombi hili lipelekwe kwa Meneja Rasilimaliwatu pamoja na maoni yenu. Lisipowezekana kwa sasa, naomba kujua ni lini linaweza kufikiriwa tena. Kazi zangu zitaendelea kama kawaida.

Mhasibu, Dawati la Malipo

Barua hii ni fupi, nayo haianzi na "rejea kichwa cha habari hapo juu", sentensi inayojaza mstari katika barua nyingi za ofisi bila kusema kitu. Mstari wa kwanza unataja mazungumzo, na hapo mkuu anaingizwa kwenye jambo tangu mwanzo: meneja rasilimaliwatu atakayeisoma baadaye ataona kwamba mkuu wa Fedha aliambiwa kwanza. Kwa mkuu huyo, hilo ni jambo la heshima yake mbele ya wenzake.

Sababu iliyotolewa inahusu anakokwenda, haihusu anakotoka. Ni ya kweli, inaweza kuthibitishwa, na inageuza miaka minne ya dawati la malipo kuwa mtaji badala ya kifungo. Huenda mhasibu huyu pia amechoka, au hajawahi kupandishwa cheo, au haelewani na mwenzake wa meza ya pili. Hayo si lazima yaandikwe. Kutaja sababu moja ya kweli kati ya tatu si uongo. Lakini sababu ya kubuni ni hatari, maana mkuu anayemfahamu mtu kwa miaka minne huitambua mara moja, na kuanzia hapo hata yaliyo kweli humtia shaka. Kama kiini cha kuhama ni kunyanyaswa au kuonewa, hilo linahitaji njia yake: lalamiko rasmi kwa rasilimaliwatu, lenye tarehe na ushahidi. Lalamiko lililofichwa ndani ya ombi huharibu vyote viwili, kwa kuwa mkuu anajibu tuhuma na ombi linasahaulika.

Aya ya makabidhiano ndiyo inayoamua mambo, na ndiyo waombaji wengi huiandika kwa mstari mmoja wa "nitahakikisha makabidhiano yanafanyika vizuri". Ahadi hiyo haimsaidii mkuu. Yeye anajiuliza nani atalipa wasambazaji mwezi Mei, na nani anajua kwamba msambazaji fulani wa saruji hukubali kuchelewa wiki moja ilhali wa nondo husimamisha mzigo siku ileile. Mwombaji anayetaja mwezi, orodha na mtu wa kufundishwa amejibu swali hilo kabla halijaulizwa. Kuhusu mtu, ni busara kutotaja jina. Kumteua mrithi ni kazi ya mkuu.

Ombi la kufungiwa mfumo linaweza kuonekana dogo, lakini mkuu wa fedha mzoefu ataliona upesi kuliko aya nyingine zote. Anayeagiza mali hapaswi kuwa ndiye anayeilipia. Mtu akihamia Manunuzi huku bado anaweza kuandaa malipo, anaweza kumwagizia na kumlipa msambazaji mmoja bila mtu wa pili kuona, na wakaguzi watamwandikia hoja mkuu wa Fedha, si yeye. Kulitaja mwenyewe kunamwondolea mkuu hofu ambayo pengine asingependa kuitamka.

Kilichoachwa nje kina maana pia. Hakuna tishio la kuacha kazi. Hakuna sifa nyingi kwa mkuu. Sifa zinazomwagwa kwenye barua ya kuomba jambo hunusa ombi. Hakuna "natanguliza shukrani", ambayo humshukuru mtu kwa uamuzi ambao hajaufanya. Na hakuna nakala kwa meneja rasilimaliwatu wala kwa mkuu wa Manunuzi. Nakala iliyotumwa siku ileile, bila mkuu kujua, husomeka kama mashitaka, hata barua iwe na upole kiasi gani. Kwa njia ya barua pepe kosa hili hufanyika kwa kubofya mara moja tu.

Baada ya hapo kinachosumbua zaidi ni ukimya. Mkuu anasema "nitaliangalia", wiki mbili zinapita. Dalili za kutazama ni za kazi: kama anaanza kumpa mtu mwingine ankara za kulinganisha, au anauliza kuhusu ile orodha, ombi linatembea. Kama mwombaji ameacha kuitwa kwenye vikao alivyokuwa akihudhuria na hakuna anayefundishwa, kuna kinyongo, na dawa yake ni kurudi ana kwa ana, si kuandika barua ya pili. Swali linalofaa ni la tarehe: lini anaweza kupata maoni yake, kwa kuwa nafasi iliyotangazwa ina siku ya mwisho. Likikataliwa, swali ni nini kingebadilisha jibu. "Tukimpata mhasibu mwingine" ni jibu linaloweza kufuatiliwa baada ya miezi mitatu. "Hapana tu" ndilo linalompa haki ya kuomba, kwa ruhusa na kwa kumjulisha mkuu, kikao cha watu watatu pamoja na rasilimaliwatu.

Likikubaliwa, maandishi hayajaisha. Kifungu cha 15 cha sheria ile ya 2004 kinataka mabadiliko katika maelezo ya ajira, kama vile majukumu, yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na kuarifiwa kwa maandishi. Cheo kipya, mshahara kama umebadilika, na tarehe ya kuanza vinapaswa kuonekana kwenye barua ya uhamisho. Hati ya makabidhiano nayo isainiwe na pande zote mbili, ikieleza hadi lini dawati la malipo linaweza kumpigia simu mhasibu wake wa zamani kuuliza juu ya ankara za nyuma. Wiki nne kwa kawaida zinatosha. Bila tarehe hiyo atajikuta Agosti bado anatafuta hati za Machi, mkuu mpya akimwuliza anamfanyia nani kazi.