Mkate Wenye Ukungu na Samaki wa Ishikawa

Mwaka 1943, mhandisi wa Kijapani Kaoru Ishikawa alikuwa akiwaeleza wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki jinsi mambo mengi yanavyochangia tatizo moja. Alichora mstari mmoja mrefu wenye vijistari vya kuingilia pembeni. Umbo hilo lilikuja kujulikana duniani kote kama mchoro wa mfupa wa samaki. Kichwani huandikwa kasoro, na kwenye mifupa huandikwa vyanzo vinavyodhaniwa. Mara nyingi mifupa hupangwa kwa mafungu: watu, mashine, malighafi, utaratibu wa kazi, vipimo na mazingira.

Neno la kushika hapo ni "vinavyodhaniwa". Mchoro uliojaa maandishi bado haujathibitisha kitu chochote. Watu wamekaa kikao, kila mmoja akasema linalomkera.

Tuchukue bekari ya kubuni jijini Dar es Salaam. Wenye maduka wanarudisha mikate iliyoota ukungu kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mfuko. Kikao kinakaa, na mchoro unajaa: unga mbovu, wafanyakazi wazembe, mifuko duni, mashine ya kukatia slesi ni chafu, mkate unafungwa ukiwa moto, hakuna feni.

Msomaji makini huanza na kichwa cha samaki. "Mikate mibovu" haitoshi, kwa kuwa chochote kitaonekana kuwa chanzo chake. Wakikagua marejesho, wanaona kwamba mengi ni mikate ya slesi iliyookwa usiku wa Ijumaa. Hapo kichwa kinaandikwa upya: "Mikate ya slesi ya usiku wa Ijumaa huota ukungu mapema." Sasa kila mfupa una swali la kujibu: kwa nini Ijumaa, na kwa nini si Jumanne?

Unga unaanguka mara moja. Unga uleule hutumika wiki nzima, na zaidi ya hapo mkate ukiiva katikati yake hufikia nyuzi joto zaidi ya 90, joto linaloua vijidudu vya ukungu. Ukungu unaouona dukani umeingia baada ya mkate kutoka ovenini. Mifuko nayo ni ileile siku zote.

"Wafanyakazi wazembe" ni mfupa wa kutiliwa shaka hata pale unapoonekana kuwa kweli, maana haumwambii mtu abadilishe nini kesho asubuhi. "Hakuna feni" una dosari nyingine: ni dawa iliyovaa nguo za ugonjwa. Aliyeuandika amekwisha kuamua kununua feni, na sasa anatafuta sababu.

Unabaki mkate unaofungwa ukiwa moto. Huu una maelezo ya kimwili: mvuke unaotoka ndani ya mkate hugeuka matone kwenye kuta za mfuko, na ukungu hustawi penye unyevu. Lakini maelezo mazuri hayajawa ushahidi. Kipimajoto kinachomwe katikati ya mikate inayofungwa Jumanne na ile ya Ijumaa. Kisha mikate ya mkupuo mmoja igawanywe nusu kwa nusu: nusu ifungwe ikiwa moto, nusu ipoe kwanza hadi nyuzi 35 hivi, yote ikae rafu moja kwa siku zilezile. Ikiwa ile ya moto inaota ukungu mapema na iliyopoa haioti, mfupa umesimama.

Hata hivyo, huo bado si mwisho. Kwa nini hufungwa moto Ijumaa? Kwa sababu toroli za kupoozea hujaa. Kwa nini hujaa? Oda za Jumamosi ni maradufu, ilhali gari la usambazaji huondoka alfajiri ileile ya kila siku na uokaji huanza saa ileile. Hapa ndipo pa kusimama, kwani pana kitu ambacho bekari inaweza kukibadilisha: kuanza kuoka mapema usiku wa Ijumaa, au kuongeza toroli. Kuendelea kuuliza "kwa nini wateja hula mikate mingi mwishoni mwa wiki" hakusaidii mtu yeyote.

Baada ya mabadiliko, marejesho ya Ijumaa kadhaa yahesabiwe. Siku moja zamu ikichelewa na mikate ikafungwa moto, ukungu ukirudi, ushahidi unazidi kuwa mzito.

Tuseme marejesho yanapungua lakini hayaishi. Mikate michache inaendelea kurudi siku yoyote ya wiki, na ukungu wake hauko kwenye ganda palipokuwa na matone. Uko katikati ya slesi, kwenye nyuso zilizopitiwa na kisu. Hiyo ni kasoro nyingine. Inastahili samaki wake, na uchunguzi wake utaanzia kwenye makombo yaliyonata kwenye mashine ya kukatia.