Kwa Nini Sehemu Hugeuzwa?

Nikiwa mwanachuo wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha, nilipewa Darasa la Sita, mada ya kugawanya sehemu. Kanuni niliiandika ubaoni: alama ya kugawanya iwe ya kuzidisha, kisha sehemu ya pili igeuzwe, asili ipande juu na kiasi kishuke chini. Majibu yalikuwa yanatoka sawasawa mpaka msichana mmoja aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini tunaigeuza?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo. Swali lake nililiandika kwenye kona ya ubao, nikaahidi tutalirudia kipindi kinachofuata.

Mchana nilimfuata mwalimu wangu mlezi. Badala ya kunijibu, aliniuliza: "Una lita 3 za mafuta ya kula. Utajaza chupa ngapi za robo lita?" Kila lita ina robo 4, kwa hiyo chupa 12. "Na kama kila chupa inachukua robo tatu ya lita?" Robo ni zilezile 12, ila kila chupa inameza 3. Zitajaa chupa 4.

Siri ya kanuni iko hapo. Tunazidisha kwa 4 ili kuzipasua lita ziwe robo, kisha tunagawanya kwa 3 kwa kuwa kila chupa inachukua robo tatu. Hatua hizo mbili kwa pamoja ndizo kuzidisha kwa 4/3, yaani 3/4 iliyogeuzwa.

Kipindi kilichofuata niliingia darasani na ndoo ya maji, kopo la robo lita na chupa nilizozitia alama kwenye robo tatu. Lita 3 zilijaza chupa 4, na darasa likaona sababu. Kisha nikawapa lita 2. Chupa 2 zilifika kwenye alama, ikabaki nusu lita, na wengi wakaandika 2½. Lakini kanuni inasema 2 × 4/3, ambayo ni 2⅔.

Yule msichana alipima salio kwa kopo, akapata robo mbili. Chupa inahitaji robo tatu, kwa hiyo salio ni theluthi mbili ya chupa. Wenzake walikuwa wamehesabu salio kwa lita, ilhali swali liliuliza chupa.

Ugumu huu si wa watoto peke yao. Katika kitabu chake cha mwaka 1999, mtafiti Liping Ma alieleza jinsi walimu wa shule za msingi wa Marekani na China walivyopewa hesabu ya 1¾ ÷ ½, kisha wakatakiwa watunge kisa kinacholingana nayo. Baadhi ya Wamarekani walitunga kisa cha kugawanya kwa 2, wakidhani ndiko kugawanya kwa nusu.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika kanuni ubaoni, wape wanafunzi chupa wajaze. Uwaulize pia salio linapimwa kwa nini: kwa lita au kwa chupa?