Babu Alikuwa Mzima Jumapili

Alhamisi mchana mzee wa miaka 78 analazwa kwenye wodi ya wanaume, hospitali moja mkoani Kilimanjaro. Mwanawe mkubwa, aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam baada ya kupigiwa simu, anamweleza daktari: "Ni uzee tu, dokta. Baba anasahau siku nyingi." Kwenye faili linaandikwa neno demensia. Mgonjwa huyu ni wa mfano, lakini wauguzi wengi watasema wamewahi kumhudumia.

Jioni muuguzi wa zamu anamwona kijana wa miaka 15 amekaa pembeni ya kitanda. Ni mjukuu, na ndiye anayelala nyumba moja na babu. "Mwanangu, Jumapili iliyopita babu alikuwa anafanya nini?" Kijana hasiti. Babu alikwenda kanisani kwa miguu, akarudi, akamtuma dukani, akahesabu chenji na kumwambia imepungua mia mbili. Jumatatu alikuwa na mafua, akanunuliwa piritoni. Jumanne hakula. Usiku wa kuamkia Jumatano alianza kumwita kaka yake aliyefariki zamani na kusema kuna watu darini.

Maelezo hayo yanabadilisha kila kitu. Demensia huingia polepole, kwa miezi na miaka, na ukiwauliza ndugu ilianza siku gani hawatakuwa na jibu. Deliriamu, yaani kuvurugika kwa akili kunakosababishwa na ugonjwa, dawa au hitilafu nyingine mwilini, huja kwa saa au siku chache, na mara nyingi mtu wa nyumbani anaweza kukutajia siku yenyewe. Kwa hiyo anayeulizwa awe yule anayeishi na mgonjwa, hata kama ni mtoto au dada wa kazi. Msemaji wa familia mara nyingi ndiye aliyemwona mzee mara ya mwisho Krismasi.

Hata hivyo historia peke yake haitoshi, maana watu hukosea kukumbuka. Muuguzi anarudi kwa mgonjwa mwenyewe. "Shikamoo babu." "Marahaba, hujambo mama?" Jibu ni safi kabisa, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Salamu tumezirudia maisha yetu yote, zinatoka zenyewe hata akili ikiwa imetawanyika. Daktari anayepita raundi, akasalimia na kuitikiwa, anaweza kuondoka akiamini mzee hana tatizo.

Kinachopaswa kupimwa ni umakini, uwezo wa kushika jambo moja na kukaa nalo mpaka liishe. Katika nchi nyingi mgonjwa huombwa kutaja miezi kinyumenyume. Kwa wazee wetu wengi, wanaosema mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, kipimo hicho hugeuka kuwa kuhesabu tu, kwa hiyo siku za wiki zinafaa zaidi. Muuguzi anamwomba aanze na Ijumaa arudi nyuma. "Ijumaa… Alhamisi… Jumatano… Jumatano…" Anatazama mlangoni, anauliza nani amefunga mbuzi pale, kisha anayafumba macho. Anarudishwa kwenye swali, anasema Ijumaa tena, anapotea tena.

Asiyeweza kutaja siku, labda kwa sababu ni dhaifu sana au hakusoma, anaweza kuombwa abane mkono wa muuguzi kila anaposikia herufi A katika mfululizo wa herufi kumi zinazosomwa taratibu. Hatakiwi kukumbuka chochote, isipokuwa kusikiliza tu. Akikosea zaidi ya mara mbili, ama kwa kutobana kwenye A au kwa kubana kwenye herufi nyingine, umakini wake una walakini.

Mwenye demensia ambayo haijakomaa sana huonyesha sura tofauti. Hakumbuki alikula nini asubuhi, anaweza kukosea mwaka, lakini ukimpa kazi ndogo anakaa nayo na anakutazama usoni. Ndiyo maana naona swali la "leo tarehe ngapi?" limepewa heshima isiyolistahili. Atakosea mwenye demensia, atakosea mwenye deliriamu, na atakosea pia mkulima mwenye akili timamu ambaye hana haja na tarehe.

Mwaka 1990 daktari wa wazee wa Marekani, Sharon Inouye, na wenzake walichapisha kipimo cha CAM, ambacho bado kinatumika sehemu nyingi duniani. Ili useme ni deliriamu, kinadai mambo mawili bila msamaha: mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, na umakini uliovurugika. Kisha liongezeke moja kati ya haya: mawazo yasiyoshikana, au hali ya kuwa macho isiyo ya kawaida, kama kusinzia au kuhangaika kupita kiasi. Kusahau hakumo katika masharti hayo manne.

Kupanda na kushuka ndiko kunakopotea kirahisi zaidi hospitalini, kwa sababu zamu zinabadilika. Ijumaa asubuhi babu anakunywa uji na kumtambua mwanawe. Saa saba mchana analala, ukimwamsha anajibu neno moja. Usiku anang'oa dripu. Kila zamu imeona mtu tofauti, na asipokuwepo wa kuunganisha taarifa hizo tatu, ya mchana itasomeka kama mgonjwa ametulia. Deliriamu ya kimya, ya kulala na kutojali, ndiyo inayopitwa zaidi, kwani haimsumbui mtu wodini.

Sasa kazi ni kutafuta chanzo. Sukari inapimwa mara moja kwa kidole, kisha malaria, joto, hewa ya oksijeni na dalili za nimonia. Muuguzi anaweka mkono chini ya kitovu na kukuta uvimbe mgumu unaomfanya mzee agune. Ni kibofu kilichojaa. Tezi dume yake ilikuwa imekua kitambo, na piritoni, ambayo hudhoofisha msuli wa kibofu na kuzuia mkojo kwa wanaume kama yeye na kuvuruga ubongo wa wazee, imemalizia. Anawekewa mpira wa mkojo, inatoka karibu lita moja, na kipimo kinaonyesha maambukizi. Piritoni inasimamishwa, antibayotiki na maji vinaanza. Kumpa diazepamu ili alale kungemzidishia kuchanganyikiwa.

Jumatatu anataja siku zote saba kinyumenyume bila kukwama. Lakini akiulizwa aliletwa hospitali na nani, anafikiri na kukosa, na mjukuu anakiri kwamba kwa mwaka mmoja na nusu babu amekuwa akiuliza jambo lile lile mara tatu, na aliwahi kupotea njia ya shambani. Mwana mkubwa hakuwa amekosea kabisa. Hali hizi mbili hupenda kukaa pamoja, kwani ubongo uliodhoofishwa na demensia huyumbishwa na jambo dogo. Utafiti wa wazee waliolazwa KCMC, Moshi, ulikuta karibu mmoja kati ya watano ana deliriamu, na baadhi yao walikuwa na demensia pia.

Kuna demensia moja inayovunja kanuni, ile ya miili ya Lewy. Nayo hupanda na kushuka, huvuruga umakini na kuonyesha watu wasiokuwepo. Hapo kinachosaidia ni muda: mambo hayo yamejirudia kwa miezi, pamoja na mwendo wa kuburuta miguu na viungo kukakamaa. Hata hivyo, hali ikibadilika ghafla, chanzo kitafutwe kwanza.

Kwenye faili la babu neno demensia linakatwa, panaandikwa: deliriamu, mkojo kuziba na maambukizi, kumbukumbu ipimwe upya kliniki baada ya miezi mitatu. Kumpima wodini kungempa alama za ugonjwa uliokuwa unaondoka, kwa kuwa mabaki ya deliriamu yanaweza kukaa wiki kadhaa. Mjukuu anaambiwa aje naye siku hiyo.