Ukiona 1.50 kwenye skrini, soma 150: kwa nini mkataba mmoja wa opsheni hubeba hisa 100

Mwaka jana rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye takwimu, alinitumia picha ya skrini ya simu yake usiku. Alikuwa amefungua akaunti ya kununua hisa za Marekani na kuweka dola 200. "Kaka, hii opsheni ni dola 1.50 tu. Nichukue mia moja?"

Nikamjibu: "Chukua moja kwanza, halafu niambie wamekukata shilingi ngapi."

Alipobonyeza hatua ya kuthibitisha, skrini ikamwonyesha jumla ya dola 150, si 1.50. Kama angeandika mia moja, jumla ingekuwa dola 15,000. Akaunti ingemkatalia, bila shaka, lakini swali lake likabaki: hiyo mia imetoka wapi, na kwa nini haionekani kwenye bei? Nadhani ni swali zuri, kwa sababu hesabu nzima ya opsheni, yaani gharama, faida na hatari, inapita kwenye namba hiyo moja.

Kwanza, opsheni ni nini

Opsheni ni haki unayoinunua. Opsheni ya kununua (kwenye skrini utaiona kama CALL) inakupa haki ya kununua hisa kwa bei mliyokubaliana leo, hata kama bei ya soko itapanda, mpaka siku fulani ya mwisho. Opsheni ya kuuza (PUT) inakupa haki ya kuuza kwa bei mliyokubaliana. Wewe mnunuzi una haki, huna wajibu. Aliyekuuzia ndiye mwenye wajibu: ukitaka hisa, lazima atoe. Ile pesa unayomlipa ndiyo bei ya opsheni, na hairudi.

Mia ilitoka wapi

Soko la kwanza rasmi la opsheni za hisa nchini Marekani, CBOE, lilifunguliwa Chicago tarehe 26 Aprili 1973. Lilianza na opsheni za kununua tu, za kampuni 16. Kabla ya hapo opsheni zilikuwepo, ila ziliuzwa kwa kupigiana simu kati ya madalali, na kila mkataba ulikuwa na bei yake na tarehe yake. Ukiutaka kuuuza wa kwako kabla ya siku ya mwisho, ilibidi utafutiwe mtu anayetaka mkataba wa namna hiyohiyo.

Walioanzisha CBOE walitoka Bodi ya Biashara ya Chicago, watu wa mahindi na ngano. Kwao jambo hili halikuwa geni. Mkataba wa mahindi pale ulikuwa wa busheli 5,000, kila mmoja sawa na mwenzake, ndiyo maana ungeweza kuununua asubuhi na kuuuza mchana kwa mtu usiyemjua. Walichofanya ni kupeleka wazo hilo kwenye opsheni: tarehe za pamoja, bei za makubaliano za pamoja, na kiasi kimoja.

Kwa nini kiasi hicho kiwe 100? Kwa sababu hisa zenyewe New York zilikuwa zikiuzwa kwa mafungu ya 100. Ukitaka pungufu ya fungu, oda yako ilipita kwa dalali wa vipande, na kwa kawaida uliongezewa gharama kidogo kwa kila hisa. Sasa fikiria muuzaji wa opsheni anayepaswa kutoa hisa siku mnunuzi akizidai. Mkataba ukiwa wa hisa 37, angehangaika na vipande. Ukiwa wa 100, anatoa fungu moja, kazi imekwisha. Anayefuatilia Soko la Hisa la Nairobi hawezi kushangaa, maana hata pale kwa miaka mingi hisa ziliuzwa kwa mafungu ya 100.

Leo kununua hisa moja Marekani si tatizo, lakini 100 imebaki. Mwaka 2013 zililetwa opsheni ndogo za hisa 10 kwa kampuni chache zenye hisa za bei kubwa, kama Apple na Amazon. Hazikudumu. Wanunuzi na wauzaji walikuwa tayari wamejazana kwenye mikataba ya 100, na soko lenye watu wachache huwa na bei mbaya: unanunua ghali, unauza rahisi.

Kwa nini skrini haionyeshi mia

Bei ya opsheni huandikwa kwa hisa moja, kama ilivyo bei ya hisa yenyewe. Hii ina faida yake. Inakuruhusu kulinganisha namba tatu bila kugeuza chochote: bei ya hisa, bei ya makubaliano na bei ya opsheni. Kanuni ninayoifuata mimi ni hii: fikiri kwa hisa moja, halafu zidisha kwa mia mara moja tu, mwishoni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hisa inauzwa dola 50. Unanunua mkataba mmoja wa CALL wenye bei ya makubaliano ya dola 52, umebaki mwezi mmoja, na skrini inasema 1.50.

```
gharama = 1.50 × 100 × 1 = 150
bei ya kurudisha pesa = 52 + 1.50 = 53.50
```

Angalia mstari wa pili: mia haimo. Bei ambayo hisa inapaswa kufika ili usipate hasara ni ileile, uwe na mkataba mmoja au ishirini. Wengi hukosea hapa kwa kujumlisha 52 na 150, wakapata 202, wakashtuka bure.

Siku ya mwisho ikifika, hisa iko dola 56. Haki yako ya kununua kwa 52 ina thamani ya dola 4 kwa hisa. Ulilipa 1.50, kwa hiyo faida ni 2.50 kwa hisa. Sasa ndipo unazidisha: dola 250. Kwa dola 150 hizohizo ungenunua hisa 3, na faida yako ingekuwa dola 18.

Tamu, siyo? Sasa rudia hesabu hisa ikiishia dola 51. Hisa imepanda kweli, ulibashiri sawasawa. Mwenye hisa 3 amepata dola 3. Wewe umepoteza dola 150 zote, kwa kuwa hakuna anayelipia haki ya kununua kwa 52 kitu kinachopatikana sokoni kwa 51. Ulikuwa sahihi kuhusu mwelekeo na bado ukabaki mikono mitupu.

Hiyo ndiyo kazi ya mia: kwa pesa ndogo unashika mwendo wa mzigo wa dola 5,000. Senti 10 zinazoonekana si kitu kwenye skrini ni dola 10 kwenye akaunti.

Pale ambapo 5,200 inagonga mlango

Kwa mnunuzi, hasara haizidi alicholipa. Hilo ni kweli, lakini kuna siku moja ya kuwa macho: siku ya mwisho.

Mikataba hii Marekani husimamiwa na shirika linaloitwa OCC, linalohakikisha kila muuzaji anatimiza wajibu. Kwa utaratibu wake, opsheni inayoishia na faida ya angalau senti moja kwa hisa hutumika yenyewe, isipokuwa utoe maagizo tofauti. Tuseme hisa yetu imefunga kwa 52.10. Haki yako ina thamani ya senti 10, yaani dola 10 kwa mkataba. Usiposema kitu, utakuwa umenunua hisa 100 kwa dola 52, jumla dola 5,200, na akaunti yako ina dola 50. Madalali wengi hufunga mkataba wa namna hiyo wenyewe kabla soko halijafungwa, kwa bei yoyote watakayoikuta. Kwa hiyo kama huna pesa ya hisa 100, uza mkataba wako mapema.

Kwa muuzaji, mambo ni mazito zaidi. Mtu aliyeuza PUT ya bei ya makubaliano ya dola 50 kwa 1.50 anapokea dola 150 papo hapo, na inaonekana kama pesa ya bure. Kampuni ikitoa taarifa mbaya na hisa ikaanguka hadi 38, atalazimika kununua kwa 50 kitu cha 38. Hasara ni 12 toa 1.50, yaani 10.50 kwa hisa. Zidisha: dola 1,050, mara saba ya alichopokea. Na aliyeuza CALL bila kuwa na hisa hizo mkononi hana hata dari ya hasara, maana hisa inaweza kupanda bila kikomo.

Mia ambayo si mia

Nimesema "hubeba", sijasema "lazima". Kampuni ikigawanya hisa, mara nyingi mambo hukaa sawa: kila hisa 1 ikiwa 2, mkataba mmoja unakuwa miwili, bei ya makubaliano inakatwa nusu, na kila mkataba unabaki na hisa 100.

Mtego uko kwenye kinyume chake, pale kampuni iliyodhoofika inapounganisha hisa 10 kuwa 1. Tuseme hisa ilikuwa dola 2, na ipo CALL ya bei ya makubaliano ya dola 5. Baada ya kuunganishwa, hisa ni dola 20. Mkataba wa zamani bado unaandikwa 5, bei yake bado inazidishwa kwa 100, lakini sasa unabeba hisa 10 tu.

Mgeni akifungua skrini anaona: hisa dola 20, haki ya kuinunua kwa 5, na inauzwa senti 5! Anadhani soko limelala. Fanya hesabu. Kutumia haki hiyo unalipa 5 × 100 = dola 500, na unapewa hisa 10 zenye thamani ya dola 200. Ili usipate hasara, kila hisa ingebidi ifike dola 50 na zaidi.

Dalili ya mkataba wa hivi ni tarakimu iliyoongezwa mwishoni mwa alama ya kampuni, mfano XYZ inakuwa XYZ1. Ukiiona, fungua maelezo ya mkataba utafute idadi ya hisa zinazokabidhiwa, kabla ya kutazama bei.

Rafiki yangu, kwa taarifa yako, hakubonyeza usiku ule. Alirudi nyuma, akachukua karatasi, akaandika 1.50 × 100, kisha chini yake 52 × 100. Akanitumia ujumbe: "Kumbe nilikuwa nasaini kitu cha 5,200."